Barua ya Kuomba Ada ya Mtihani wa Wingu: Hasara Abebe Nani?

Ada ya mtihani wa AWS Certified Solutions Architect – Associate, unaojulikana kwa namba SAA-C03, ni dola 150 za Marekani kabla ya kodi. Kwa kampuni yenye wafanyakazi hamsini, hiyo si fedha ya kuitishia kikao. Hata hivyo barua za kuiomba hukaa mezani kwa meneja wiki nenda wiki rudi, na nyingi huishia kwenye jibu la "tutaliangalia", ambalo kila aliyewahi kuajiriwa anajua maana yake.

Kinachokwamisha barua hizo mara nyingi si fedha. Mwombaji hujaza ukurasa mzima kwa sifa za teknolojia ya wingu, akamwachia meneja maswali mawili anayoyaogopa zaidi. Huyu akifeli, hasara ni ya nani? Akifaulu kisha akaajiriwa kwingine, hasara ni ya nani? Meneja asiye na majibu hayo hawezi kuitetea barua mbele ya mhasibu, kwa hiyo huiweka kando. Uchambuzi huu unafuata maswali hayo mawili kwa kutumia mfano mmoja: mfanyakazi wa Tehama katika kampuni ya kusambaza vipuri vya magari Dar es Salaam, ambayo mfumo wake wa mauzo na ghala uko kwenye seva za AWS.

Mtihani upi, na kwa nini huo

Kabla ya kuandika, mwombaji achague mtihani unaolingana na wingu linalolipiwa na kampuni. Hilo ni jambo dogo, lakini wengi hulikosea kwa kufuata mtihani unaotajwa sana mitaani. Kampuni inayolipa bili ya Microsoft kila mwezi haina sababu ya kugharamia cheti cha AWS, labda kama ina mpango wa kuhama.

Tofauti nyingine iko katika uhai wa cheti. Vyeti vya AWS hudumu miaka mitatu. Vyeti vya Microsoft vinavyohusu majukumu ya kazi, kama kile cha msimamizi wa Azure, hudumu mwaka mmoja, ila kuvihuisha ni bure kwa jaribio la mtandaoni. Meneja makini atauliza kama atarudishiwa ombi hilohilo baada ya muda, kwa hiyo barua ijibu kabla hajauliza. Kwa AWS jibu lina nafuu: anayefaulu hupewa punguzo la nusu kwa mtihani wake unaofuata, na anaweza kulitumia wakati wa kuhuisha cheti.

Mfanyakazi wa mfano wetu anachagua SAA-C03 kwa sababu unapima maamuzi anayoyafanya kila wiki. Una maswali 65 ya kufanywa kwa dakika 130, na alama ya kufaulu ni 720 kati ya 1,000. Asilimia 30 ya alama ni usalama, 26 ni uwezo wa mfumo kuhimili hitilafu, 24 ni utendaji, na 20 zilizobaki ni gharama. Mgawanyo huo aukumbuke, maana ndio utakaomsaidia kuandika hoja yake kwa usahihi.

Gharama kamili ni ngapi

Barua inayotaja dola 150 peke yake itamrudisha mwombaji kwa meneja mara ya pili, na mara ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza. Bei iliyotangazwa haina kodi ndani yake. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara ni asilimia 18, na kikiongezwa ada inafika dola 177. Tukichukua dola moja kuwa shilingi 2,600, hesabu inakuwa shilingi 460,200. Kiasi hicho ndicho kiandikwe, pamoja na kiwango cha ubadilishaji kilichotumika na tarehe yake, ili shilingi ikiyumba pasiwe na ubishi.

Njia ya malipo nayo itajwe. Mfanyakazi akilipa kwa kadi yake kisha akadai, benki itakata kwa kiwango chake cha ubadilishaji na pengine kuongeza makato. Kwa hiyo dai liambatane na risiti ya mtihani pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha shilingi zilizotoka kwenye akaunti. Kampuni ikilipa kwa kadi yake au kwa vocha, usumbufu huo haupo. Vocha lakini ina tarehe yake ya mwisho, na ikipita kabla ya mtihani, fedha imekwenda.

Gharama iliyojificha zaidi ni saa. Kwa mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 1,500,000 kwa mwezi anayefanya kazi saa 45 kwa wiki, saa moja inaigharimu kampuni kama shilingi 7,700. Akisoma saa mbili za kazi kila wiki kwa wiki kumi, atakuwa ametumia saa zenye thamani ya kama shilingi 154,000, yaani theluthi ya ada yenyewe. Si vibaya kuziomba, bali ni vibaya kuzitumia bila kuzitaja. Barua iseme wazi kama kusoma kutafanyika ndani ya saa za kazi au nje yake.

Hoja ya faida na mtego wake

Hoja inayotumika sana ni kwamba aliyesomea wingu ataipunguzia kampuni bili. Ni kweli inawezekana, na mfano wetu unaonyesha namna. Kampuni ile ina diski sita za aina ya gp2, kila moja ya gigabaiti 200. Amri ifuatayo humwonyesha msimamizi diski zote za aina hiyo zilizo katika eneo analolitumia:

```
aws ec2 describe-volumes \
  --filters Name=volume-type,Values=gp2 \
  --query "Volumes[].[VolumeId,Size]" \
  --output table
```

Katika eneo la Virginia Kaskazini, gigabaiti moja ya gp2 hulipiwa dola 0.10 kwa mwezi, na ya gp3 dola 0.08. Diski sita ni gigabaiti 1,200, kwa hiyo bili ya diski hizo inashuka kutoka dola 120 hadi 96 kwa mwezi. Akiba ni dola 24 kwa mwezi, dola 288 kwa mwaka, na ada ya mtihani imesharudi. Mabadiliko hayo hufanyika seva ikiwa inaendelea kufanya kazi. Jambo la kuangalia kwanza ni kasi ya kupitisha data: gp3 huanza na megabaiti 125 kwa sekunde, na diski inayohitaji zaidi ya hapo huongezewa kwa malipo, ikala sehemu ya akiba.

Hesabu ni nzuri, lakini ina mtego. Meneja mwerevu atasema, "Kama umeshajua kuhamisha diski, mtihani wa nini? Hamisha." Naye atakuwa na haki. Akiba ile imeletwa na ujuzi, na ujuzi huo unapatikana kwenye nyaraka za bure. Barua inayouza mtihani kwa akiba ambayo haikuhitaji mtihani inajifunga yenyewe.

Kutoka kwenye mtego huo ni kugeuza mpangilio. Mfanyakazi aombe idhini, ahamishe diski kwanza, kisha aambatanishe bili mbili, ya kabla na ya baada. Hapo akiba inakuwa ushahidi kwamba anachosoma kinafika kazini, na haisimami tena kama ahadi ya mtihani. Ombi la ada litafute sababu nyingine, na sababu za kweli ni mbili.

Ya kwanza ni kupimwa na mtu wa nje. Meneja asiye fundi hana njia rahisi ya kujua kama aliyeshika funguo za mfumo wake anajua usalama au anabahatisha. Gharama ni asilimia 20 tu ya mtihani. Usalama na kuhimili hitilafu ni asilimia 56 kwa pamoja, na hayo ndiyo maeneo ambayo makosa yake hayaonekani kwenye bili mpaka siku mfumo unapoanguka.

Ya pili inahusu kampuni zinazouza huduma za Tehama. Programu ya washirika wa AWS huhesabu idadi ya wafanyakazi wenye vyeti ili kupandisha kampuni daraja, na zabuni nyingi hutaka wasifu wa wataalamu pamoja na nakala za vyeti vyao. Kwa kampuni kama hiyo cheti ni mtaji. Kwa msambazaji wa vipuri, sababu hii haipo, na mwombaji asijifanye ipo. Pale ambapo wateja hawaulizi cheti, kinamfaa zaidi mwenye jina lake kuliko anayekilipia, na kuomba kampuni ibebe sehemu tu ya hatari ni uungwana unaoeleweka haraka.

Akifeli

Kampuni zinazolipia mitihani hutumia mojawapo ya njia tatu. Kuna zinazolipa mapema bila kujali matokeo. Kuna zinazorudisha fedha baada ya kufaulu. Na kuna zinazolipa jaribio la kwanza, kisha mfanyakazi hujilipia la pili endapo atafeli.

Njia ya pili hupendwa na wahasibu kwa sababu kampuni haipotezi kitu. Ubaya wake ni kwamba inamwegemea mwenye akiba. Fundi mkuu anaweza kutoa shilingi 460,000 na kusubiri marejesho mwezi ujao. Kijana wa dawati la msaada, ambaye pengine ndiye anayehitaji mafunzo zaidi, hawezi. Njia ya tatu inagawa hatari kwa haki zaidi. Kampuni inabeba bahati mbaya ya siku moja, na mfanyakazi anabeba uzembe wake mwenyewe. AWS hutaka aliyefeli asubiri siku 14 na alipe ada upya, kwa hiyo ahadi ya kulipia jaribio la pili ni ahadi ya fedha halisi, na meneja huiona hivyo.

Uwezekano wa kufeli nao unaweza kupunguzwa, na barua ioneshe jinsi. AWS hutoa seti rasmi ya maswali 20 ya majaribio bila malipo kwenye jukwaa la Skill Builder. Maswali 20 hayatoshi kupima utayari, ila yanaonyesha mtindo wa maswali. Mwombaji aongeze mitihani kamili ya majaribio na ajiwekee kiwango: hapangi tarehe mpaka apate asilimia 80 mara mbili mfululizo, kwa maswali ambayo hajawahi kuyaona. Anayerudia seti ileile anapima kumbukumbu yake tu.

Kuna jambo moja Waswahili wengi hawalijui, na ni la bure. Anayefanya mtihani kwa Kiingereza ilhali Kiingereza si lugha yake ya kwanza anaweza kuomba dakika 30 za ziada, kwa jina la ESL +30 MINUTES kwenye akaunti yake ya mitihani. Dakika 130 zinakuwa 160. Sharti ni kuomba kabla ya kupanga tarehe. Maswali ya SAA-C03 ni aya ndefu zenye majibu yanayokaribiana, na wengi huishiwa muda kabla ya kuishiwa ujuzi.

Fedha hupotea pia bila mtu kufeli. Jina la kwenye akaunti lisipolingana na la kwenye kitambulisho, mtahiniwa anaweza kuzuiwa mlangoni na ada isirudi. Asiyefika hupoteza ada. Kubadili tarehe kunaruhusiwa mpaka saa 24 kabla ya mtihani, na si zaidi ya mara mbili. Anayefanyia nyumbani huangaliwa kupitia kamera, na mtoto akiingia chumbani au mtandao ukikatika, mtihani unaweza kusitishwa. Pale umeme usipoaminika, kituo cha Pearson VUE ni salama zaidi hata kama kinadai nauli.

Akiondoka

Cheti hutolewa kwa jina la mtu na hakihamishiki. Kampuni ikilipa leo na mfanyakazi akiondoka kesho, haina cha kumdai isipokuwa walikubaliana. Hofu hiyo ni ya haki, lakini tiba yake mara nyingi huzidi ugonjwa. Kumfunga mtu miaka miwili kwa dola 177 ni kumwonyesha kwamba humwamini, na wenye uwezo wa kwenda kwingine hukataa masharti hayo na kujilipia wenyewe. Kampuni inabaki bila hata haki ya kuulizwa.

Mpango wenye uwiano ni miezi 12, deni likipungua kwa sehemu moja ya kumi na mbili kila mwezi. Aliyeacha kazi kwa hiari yake baada ya miezi minane atarudisha sehemu nne kati ya kumi na mbili za shilingi 460,200, yaani shilingi 153,400. Baada ya mwaka hadaiwi kitu. Aliyepunguzwa kazi na kampuni asidaiwe kabisa, na hilo liandikwe, maana likiachwa kwenye mazungumzo litakumbukwa kwa namna mbili tofauti.

Maandishi yana uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri wa Tanzania Bara kukata mshahara kwa ajili ya deni bila ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi, pasipo sheria nyingine au amri halali inayomruhusu. Sentensi moja ya ridhaa ndani ya barua inamlinda mwajiri, na inamlinda mfanyakazi dhidi ya makato ya kubuni.

Barua yenyewe

Baada ya hayo yote, barua inakuwa fupi. Hii hapa ya mfanyakazi wetu:

> Meneja wa Tehama,
> S.L.P. ……,
> Dar es Salaam.
>
> YAH: OMBI LA KULIPIWA ADA YA MTIHANI WA AWS SAA-C03
>
> Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.
>
> Naomba kampuni inilipie ada ya mtihani huu, dola 150, ambayo pamoja na kodi inafika dola 177, sawa na shilingi 460,200 kwa kiwango cha leo cha shilingi 2,600.
>
> Mwezi uliopita, kwa idhini yako, nilihamisha diski sita za mfumo wa mauzo kutoka gp2 kwenda gp3. Bili ya diski hizo imeshuka kutoka dola 120 hadi 96 kwa mwezi. Bili zote mbili nimeziambatanisha. Maeneo ambayo bado hatujayapima ni ruhusa za watumiaji wa akaunti yetu na namna ya kuurejesha mfumo ukianguka, na hayo ndiyo sehemu kubwa ya mtihani huu.
>
> Nitasoma nje ya saa za kazi. Naomba siku ya mtihani pekee ihesabiwe siku ya kazi. Sitapanga tarehe mpaka nipate asilimia 80 katika mitihani miwili mfululizo ya majaribio, na matokeo nitakuonyesha. Nikifeli, ada ya kurudia nitalipa mwenyewe. Nikiacha kazi kwa hiari yangu ndani ya miezi 12 tangu malipo, naridhia kukatwa sehemu iliyobaki, kwa kupunguza moja ya kumi na mbili kwa kila mwezi niliotumikia.
>
> Ndani ya siku 30 baada ya mtihani nitawasilisha ripoti ya ruhusa za akaunti yetu, pamoja na matokeo ya zoezi la kurejesha hifadhidata kutoka kwenye nakala.
>
> Natanguliza shukrani.

Barua hiyo haina sentensi hata moja inayosema wingu ni teknolojia ya kisasa, wala inayomkumbusha meneja umuhimu wa kuendeleza wafanyakazi. Kila aya inajibu swali ambalo mhasibu au meneja angeuliza. Ahadi ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu inadumu hata mtihani ukifeliwa: ripoti na zoezi la kurejesha hifadhidata ni kazi inayobaki ofisini hata mwenye cheti akiondoka.

Wakati wa kuipeleka nao una maana. Barua inayofika bajeti ya mwaka ikiwa inaandaliwa huwekewa kifungu. Inayofika baada ya hapo hutafutiwa salio. Ikikataliwa, mwombaji aulize kilichokataliwa ni nini: kiasi, wakati au masharti. Kiasi kikiwa kikwazo, kampuni inaweza kulipa nusu na kufuta sharti la miezi 12. Tatizo likiwa ni wakati, aombe tarehe ya kuijadili tena na aiweke kwenye maandishi.

Kwa mameneja, ombi ni moja. Andikeni utaratibu wa ukurasa mmoja unaosema kampuni inalipa jaribio la kwanza la mtihani unaohusu mfumo wake, mfanyakazi analipa la pili, na anayeacha kazi ndani ya mwaka anarudisha kilichobaki. Baada ya hapo hakuna atakayehitaji kuandika barua ya kubembeleza, na kijana wa dawati la msaada atakuwa na haki ileile aliyonayo fundi mkuu.